Nenosiri Zuri Linapokataliwa: Sababu Ambazo Windows Haizitaji

Katika ofisi nyingi, ziwe za serikali, za benki au za hospitali, kompyuta ya mezani haiamui yenyewe nani aingie. Huuliza seva kuu inayoendesha mfumo wa Microsoft uitwao Active Directory, na seva hiyo ndiyo inayotunza akaunti za wafanyakazi wote pamoja na masharti ya manenosiri yao. Muda wa nenosiri ukiisha, mwenye akaunti hutakiwa aweke jipya. Hapo ndipo wengi hukutana na maneno haya:

```
Unable to update the password. The value provided for the
new password does not meet the length, complexity, or
history requirements of the domain.
```

Kwa ufupi, mfumo unasema nenosiri jipya halikutimiza masharti ya urefu, ya mchanganyiko wa herufi, au ya historia. Ni lipi kati ya hayo matatu, hausemi. Mtu huongeza nukta, akabandika tarakimu, akabadili herufi moja, na kila mara hurudishiwa maneno yaleyale. Tatizo halikomei kwenye ufupi wa ujumbe. Ujumbe wenyewe haujakamilika, kwa sababu lipo sharti moja ambalo haulitaji kabisa, nalo ndilo linalowasumbua watu saa nyingi kuliko mengine.

Tuanze na mchanganyiko. Sharti la kawaida la Windows linataka nenosiri liwe na aina tatu za alama kati ya hizi nne: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama kama # au @. Ipo aina ya tano, ya maandishi yasiyo na herufi kubwa wala ndogo, ila kwa anayeandika Kiswahili hiyo haimhusu. Urefu wa chini ambao mfumo huja nao ni herufi 7, ingawa ofisi nyingi huuongeza. Mpaka hapo hakuna kigumu, na watu wengi wanayajua hayo.

Wasichokijua ni kwamba sharti hilohilo la mchanganyiko linakataza nenosiri lisiwe na jina lako ndani yake. Seva hulichukua jina lako kamili kama lilivyosajiliwa, hulikata palipo na nafasi, nukta, mkato au kistari, kisha kila kipande chenye herufi tatu au zaidi hukitafuta ndani ya nenosiri. Haijali kama umeandika kwa herufi kubwa au ndogo, wala haijali kipande hicho kimekaa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Jina la kuingilia nalo hutafutwa, ila hilo hutafutwa zima bila kukatwa.

Kwa majina yetu sharti hili lina uzito wa pekee. Tuseme mfanyakazi amesajiliwa kama Juma Ali. Nenosiri la Jumatatu#25 litakataliwa, na vivyo hivyo la Jumamosi au la Ijumaa, kwa kuwa yote yamebeba «juma». Lakini pia hawezi kutumia Serikali, Hospitali, Mwalimu, Asali wala Swali, kwa sababu kila moja ya maneno hayo lina «ali» ndani yake. Anayeitwa Said atakwama kwenye Msaidizi. Maneno haya ni ya kila siku, na hakuna mtu ambaye angeyasoma akasema hilo ni jina langu. Mfumo, ambao haujui maana, unaona herufi tatu zimefuatana kwa mpangilio unaoutafuta, basi unakataa. Mwenzake wa meza ya pili, ambaye jina lake halina vipande hivyo, ataandika Serikali#2025 na atakubaliwa papo hapo. Ndiyo maana ushauri wa «andika kama nilivyoandika mimi» mara nyingi haumfai mwingine.

Sasa historia. Active Directory inapokuja bila kubadilishwa hukumbuka manenosiri 24 yaliyopita, na huyapa kila moja siku 42 za kuishi. Kwa anayebadili kila baada ya siku 42, nenosiri aliloliacha miaka miwili iliyopita bado limo katika kumbukumbu, kwa maana mara 24 kwa siku 42 ni zaidi ya miaka miwili na miezi tisa. Seva haiyahifadhi kama yalivyoandikwa. Huhifadhi alama iliyokokotolewa kutokana na nenosiri, ambayo haiwezi kurudishwa kuwa maneno. Kwa hiyo inaweza kujua kwamba nenosiri ni lilelile, lakini haiwezi kujua kwamba linafanana na lingine. Ukibadili herufi moja tu, kwa upande wa historia umeshavuka.

Hilo ni jambo la kushika, maana linasaidia kupambanua. Kama ulichoandika kilikataliwa, ukaongeza tarakimu moja mwishoni kikakubaliwa, huenda sababu ilikuwa historia, au urefu, au upungufu wa aina za alama. Lakini kama umeongeza na kuongeza bila kupata nafuu, tazama jina lako. Na kama hata nenosiri refu la herufi ishirini, lenye kila aina ya alama na lisilo na chembe ya jina lako, limekataliwa, acha kubuni mengine. Kosa haliko kwenye nenosiri.

Hapo tunafika kwenye sharti lisilotajwa: umri wa chini. Kwa kawaida ya mfumo, nenosiri lililowekwa leo haliwezi kubadilishwa na mwenyewe mpaka siku moja ipite. Sharti hili liliwekwa kulinda lile la historia. Bila hilo, mtu anayelipenda nenosiri lake la zamani angeweza kubadili mara 24 ndani ya nusu saa, akalisukuma nje ya kumbukumbu, kisha akalirudisha. Sababu ina mantiki. Lakini mtu akikataliwa kwa sharti hili, seva hutoa jibu lilelile, kosa namba 1325, na kompyuta huonyesha ujumbe uleule wa urefu, mchanganyiko na historia. Neno la muda halimo.

Turudi kwa mfanyakazi wetu. Jumatatu asubuhi amejaribu Jumatatu#25, kisha Serikali#2025, na yote mawili yamekwama kwenye jina. Akajaribu mvuamasika25, likakataliwa kwa kuwa lina herufi ndogo na tarakimu tu. Akaweka M kubwa, Mvuamasika25, ambalo sasa lina aina tatu, ila alikwisha kulitumia mwaka juzi. Amechoka, anampigia simu ofisa TEHAMA. Ofisa anamwekea nenosiri la muda na kumwambia, «Ingia, kaka, halafu ubadilishe mwenyewe.» Anaingia. Anabonyeza Ctrl+Alt+Delete, anachagua kubadili, anaandika nenosiri jipya zuri lisilo na kasoro. Linakataliwa. Anaandika jingine, linakataliwa. Kwa seva, nenosiri lake lina umri wa dakika chache tu, na halijafikisha siku.

Kinga ya hali hii ni kisanduku kimoja katika dirisha analotumia ofisa: User must change password at next logon. Kikiwekewa alama, seva inalihesabu nenosiri la muda kuwa limeshakwisha, na sharti la umri wa chini halitumiki. Mfanyakazi analazimika kubadili anapoingia, na anaruhusiwa. Kisipowekewa alama, anabaki na nenosiri la muda mpaka kesho yake, nenosiri ambalo ofisa analijua na ambalo katika ofisi nyingi ni lilelile wanalopewa watu wote. Naliona hili kuwa kosa zito kuliko usumbufu wa asubuhi nzima.

Mfanyakazi wa kawaida anaweza kuhakikisha mwenyewe, bila cheo chochote, akiwa kwenye kompyuta ya ofisi iliyounganishwa na mtandao wa ofisi. Afungue Command Prompt na aandike amri hii, akiweka jina lake la kuingilia mahali pa jali:

```
net user jali /domain
```

Katika majibu yatakayotoka, mistari ya kutazama ni hii:

```
Password last set       10/6/2025 8:40:12 AM
Password expires        11/17/2025 8:40:12 AM
Password changeable     10/7/2025 8:40:12 AM
```

Mstari wa kwanza ni wakati nenosiri lilipowekwa, hapa Jumatatu tarehe 6 Oktoba, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Tarehe imeandikwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi ukitangulia. Wa pili ni siku litakapokwisha. Wa tatu ndio wenye jibu: kabla ya Jumanne saa mbili na dakika arobaini, hakuna nenosiri atakaloandika likakubaliwa. Ana njia mbili. Asubiri, au amwombe ofisa aweke upya nenosiri huku akikiwekea alama kile kisanduku.

Kuna amri nyingine, `net accounts /domain`, inayoonyesha masharti ya jumla: umri wa chini na wa juu, urefu wa chini, na idadi ya manenosiri yanayokumbukwa. Ina mipaka yake. Haisemi kama sharti la mchanganyiko linatumika, na haionyeshi masharti maalumu ambayo vikundi fulani, kama wasimamizi wa mifumo, huweza kuwekewa. Pia zipo ofisi zilizoongeza kichujio cha maneno yaliyopigwa marufuku, kwa mfano jina la taasisi, na kichujio hicho nacho hujificha nyuma ya ujumbe uleule. Hapo ofisa TEHAMA ndiye pekee anayeweza kusoma kwenye kumbukumbu za seva ni nini kilichokataa.

Wapo wanaotetea ujumbe usio wazi kwa kusema kwamba maelezo zaidi yangemsaidia mwizi. Sikubaliani nao. Anayebadili nenosiri tayari ametaja la zamani, na masharti yenyewe yanasomeka na kila mwenye akaunti kwa amri ya mstari mmoja. Kinachofichwa hakimzuii mwizi. Kinamzuia mhasibu anayetaka kuanza kazi.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambayo miongozo yake hufuatwa na wengi duniani, imeshabadili msimamo. Mwongozo wake wa 2017 ulishauri mifumo isilazimishe mchanganyiko wa alama wala isibadilishe manenosiri kwa ratiba tu, na toleo la 2025 limegeuza ushauri huo kuwa katazo. Badala yake linataka urefu, angalau herufi 15 pale nenosiri linapotumika peke yake, na orodha ya manenosiri mepesi yasiyoruhusiwa. Tena linaagiza kwamba nenosiri likikataliwa kwa kuwemo katika orodha hiyo, mtumiaji aambiwe sababu. Microsoft wenyewe, mwaka 2019, waliliondoa sharti la manenosiri kuisha muda katika mapendekezo yao ya usalama wa Windows, ingawa siku 42 bado ndizo mfumo unazokuja nazo mpaka msimamizi azibadilishe.

Pale ambapo masharti ya zamani bado yanatumika, ofisa TEHAMA anaweza kuandika karatasi moja ya kugawiwa wafanyakazi: urefu unaotakiwa, aina tatu za alama, manenosiri mangapi yanakumbukwa, kwamba kipande chochote cha jina chenye herufi tatu hakiruhusiwi, na kwamba nenosiri lililobadilishwa leo halibadilishwi tena mpaka kesho.