Mzazi, hiyo ME1 inasema nini?

1/ Wanasiasa wakibishana juu ya matokeo ya KJSEA, mzazi wa Mitunguu amebaki na swali moja: hii ME1 ya hisabati ni nini hasa?

2/ ME1 ni alama 58 hadi 74, na inampa mtoto pointi 6. Alama 41 hadi 57 ni ME2, pointi 5.

3/ Sasa angalia. Wako amepata 58, wa jirani 74: wote pointi 6. Mwingine kapata 57: pointi 5. Alama moja imewatenganisha, 16 hazikuonekana.

4/ Pointi haisemi mtoto amekwama wapi, wala kama darasa lilikosa mwalimu. Beba daftari zake, muulize mwalimu, kabla hujamwita mtoto mjinga.