Manyunyu, Rasharasha na Mvua Kubwa: Neno Moja kwa Taarifa, Jingine kwa Shairi

Asubuhi moja ya Julai nilisimama kwenye kibanda cha mboga karibu na Laiser Hill, Ongata Rongai. Mbingu ilikuwa ya kijivu na wingu limeshuka chini. Sweta yangu ilikuwa imepata unyevu, ingawa sikuwa nimesikia tone hata moja likianguka. Nikamwambia muuzaji kuwa mvua imeanza. Akatikisa kichwa: "Hapana, mwalimu. Hayo ni manyunyu tu. Mvua ungeisikia kwenye bati."

Mama yule alikuwa amesema jambo la kweli kabisa la kisayansi. Alitofautisha aina mbili za mvua kwa sikio, na sikio lake lilikuwa linapima ukubwa wa tone.

Wataalamu wa hali ya hewa huita manyunyu yale matone yenye kipenyo kisichofika nusu milimita. Matone hayo hutoka kwenye mawingu ya chini yaliyotandaa kama blanketi, yale yanayofunika Rongai, Ngong na Nairobi kati ya Juni na Agosti. Ndani ya wingu la namna hiyo hewa hupanda polepole sana, kwa hiyo tone halishikiliwi juu kwa muda wa kutosha likakua. Hushuka likiwa bado dogo, kwa mwendo wa mita mbili kwa sekunde au chini ya hapo. Likigusa bati halitoi sauti.

Tone la mvua ya radi lina maisha mengine. Katika wingu refu lililopanda kilomita nyingi, hewa inayoinuka kwa nguvu hulibeba, nalo hugongana na wenzake na kuungana nao. Linaweza kufikia kipenyo cha milimita tano, na kuanguka kwa mwendo wa mita tisa hivi kwa sekunde. Halikui sana zaidi ya hapo, kwa sababu tone kubwa mno hupasuliwa na hewa linapoanguka. Linganisha tone la milimita tano na lile la nusu milimita: kipenyo kimezidi mara 10, uzito umezidi mara 1,000, na nguvu ya kishindo imezidi takriban mara 20,000. Ndiyo maana mvua ya radi huwanyamazisha watu walio chini ya bati, na manyunyu huwaacha waendelee na mazungumzo yao.

Katikati ya hayo mawili kuna rasharasha. Hapa ndipo lugha yetu inapohitaji uangalifu, kwa sababu kamusi mara nyingi humweleza mmoja kwa kumtaja mwenzake. Haishangazi. Manyunyu ni ndugu wa kitenzi kunyunyiza, na rasharasha imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya kunyunyiza. Asili ya maana ni moja. Lakini watu wanapozungumza huwa hawayachanganyi ovyo. Mtu husema manyunyu yametanda tangu alfajiri, na husema rasharasha imepita. Manyunyu hukaa, rasharasha hupita. Manyunyu hulowesha bila sauti, rasharasha husikika. Tofauti hiyo inatosha kumwongoza anayeandika taarifa ya hali ya hewa.

Tuchukue mfano mmoja, tuuandike mara mbili. Tuseme ni mwezi wa Aprili, msimu wa masika, na mtabiri anatarajia hivi kwa Kitengela na sehemu za jirani za Kajiado: jioni, mvua nyepesi ya muda mfupi mahali pachache, kisha, baada ya saa sita usiku, mvua ya radi katika maeneo mengi zaidi, huku jumla ya saa 24 ikitarajiwa kupita milimita 20.

Mwandishi mwenye haraka ataandika: "Leo Kitengela kutakuwa na manyunyu, kisha gharika usiku." Sentensi hiyo fupi ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni manyunyu. Jioni ya masika wingu halijatandaa kama blanketi la Julai, bali limesimama kama mnara hapa na pale. Kinachoshuka ni matone ya kusikika, yanayokuja na kuondoka. Hiyo ni rasharasha. Msikilizaji akiambiwa manyunyu ataangalia juu, aone jua kati ya mawingu, na kuamua kuwa utabiri umekosea.

Kosa la pili ni gharika. Gharika na mafuriko si majina ya kinachoanguka kutoka juu. Ni majina ya kinachotokea chini: maji yamezidi uwezo wa ardhi, mfereji au mto kuyabeba. Mtabiri wa mvua hawezi kutangaza gharika kama jina la mvua, kwa sababu mvua ile ile inaweza kuwa baraka kwenye mteremko wenye nyasi na balaa kwenye bonde lililojengwa. Na tahadhari ya mafuriko ina uzito wake. Katika masika ya mwaka 2024 mvua na mafuriko viliua karibu watu 300 nchini Kenya. Neno lililobeba msiba wa kiasi hicho halifai kutumiwa kama kisawe cha mvua nyingi.

Na hata "mvua nyingi" si sawa na "mvua kubwa". Mvua nyingi ni hesabu ya jumla: msimu unaweza kuwa na mvua nyingi iliyoshuka taratibu kwa wiki kadhaa. Mvua kubwa ni nguvu ya kushuka. Kitengela tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kuvimba unapopata maji. Milimita 20 zikishuka polepole kwa siku nzima, ni wastani usiofika milimita moja kwa saa, na nyufa huzinywa. Milimita 20 hizo hizo zikishuka kwa nusu saa, ni kasi ya milimita 40 kwa saa. Udongo wa juu huvimba, nyufa hujifunga, na maji yanayobaki hutafuta njia barabarani na milangoni.

Kwa kipimo cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, mvua isiyofika milimita 2.5 kwa saa ni nyepesi, kati ya 2.5 na 10 ni ya wastani, kati ya 10 na 50 ni kubwa, na kuanzia 50 ni kali kupindukia. Lakini tahadhari zinazotolewa kwa wananchi huhesabu jumla ya siku nzima. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mvua inayozidi milimita 20 ndani ya saa 24. Kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kizingiti cha mvua kubwa ni milimita 50 kwa muda huo. Kwa hiyo msikilizaji wa Namanga anaweza kupokea matangazo mawili kutoka pande mbili za mpaka, yote kwa Kiswahili, yenye maneno yale yale mawili na kiasi tofauti cha maji. Dawa yake ni kulitaja neno pamoja na namba yake.

Namba yenyewe haina ugumu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Paa la mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80. Milimita 20 zikiliangukia ni lita 1,600, yaani mitungi 80 ya lita 20. Mwenye tangi akisikia hivyo anajua la kufanya kabla ya usiku kuingia.

Limebaki swali la mahali. Katika utabiri wa Kenya, "sehemu chache" ni chini ya asilimia 33 ya eneo, "sehemu kadhaa" ni kati ya asilimia 33 na 66, na "sehemu nyingi" ni zaidi ya 66. Mtu wa Kitengela akikosa rasharasha iliyotangazwa kwa sehemu chache, hajadanganywa.

Sasa taarifa yetu inaweza kusomwa hewani hivi: "Leo jioni mvua ya rasharasha itanyesha katika sehemu chache za Kitengela na viunga vyake. Baada ya saa sita usiku kutakuwa na mvua kubwa ya radi katika sehemu kadhaa. Kufikia saa tatu asubuhi jumla inatarajiwa kuzidi milimita 20. Wanaoishi mabondeni wajihadhari na mafuriko." Saa tatu asubuhi imetajwa kwa sababu ndiyo saa ya kusoma kipimamvua na kufunga hesabu ya siku. Mafuriko yamewekwa mwisho, mahali pake, kama tokeo.

Usiku huo huo ukiingia kwenye shairi, namba huondoka na sikio hushika usukani. Nimeutungia ubeti mmoja wa tarbia, mizani nane kwa nane, vina vya kati vikiwa "sha" na vya mwisho "ni":

Ilianza rasharasha, kwenye bati la jirani,
Ng'ombe wakajikumbusha, harufu ya malishoni,
Udongo ukajinywesha, nyufa zikafumba chini,
Ikazidi, ikatisha, ikamwagika paani.

Rasharasha imeshinda manyunyu hapa kwa sababu tatu. Ina mizani nne, nayo manyunyu ina tatu, hivyo kipande cha kwanza kimetimia nane bila kulazimishwa. Silabi yake ya mwisho imefungua mlango wa kina. Na "sha" inayorudiwa inafanana na sauti ya matone ya kwanza juu ya bati. Manyunyu yangevunja picha hata kama mizani ingekubali, kwani matone yake hayasikiki kwenye bati la jirani. Nilijaribu pia gharika katika mstari wa nne nikaiacha: ingetaja matokeo ya asubuhi, na shairi bado liko usiku, chini ya paa. Kitenzi kumwagika kinatosha. Kinasema maji hayadondoki tena moja moja.

Utaona kuwa neno mvua lenyewe halimo katika ubeti. Katika Kajiado hilo si geni. Kwa Kimaasai jina Enkai hubeba Mungu, mbingu na mvua kwa pamoja, na msikilizaji hujua kwa muktadha kipi kimeshuka. Shairi linaweza kumwachia msikilizaji kazi hiyo. Taarifa haiwezi, kwa sababu inasikilizwa na mtu anayeamua kama atalala bondeni usiku huo au atahama.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wa taarifa na watunzi ni moja. Kabla hujaandika, jiulize tone hilo lingesikika kwenye bati au la. Lisiposikika, andika manyunyu. Likisikika na kupita, andika rasharasha. Likizima mazungumzo ndani ya nyumba, andika mvua kubwa, na kama unaandika taarifa, weka milimita zake pembeni.