Kubadilisha Bei Katika Duka la Mtandaoni

Katika duka la mtandaoni linaloendeshwa kwa WooCommerce, bidhaa na bei hurekebishwa kwenye paneli ya usimamizi. Paneli hiyo hufunguliwa kwa kuandika anwani ya duka na kuongeza `/wp-admin` mwishoni. Mwenye duka akishaingia, hubofya Products kwenye menyu ya kushoto, na orodha ya bidhaa zake hufunguka.

Chukua mfano wa duka la vitambaa ambamo kitenge cha shilingi 25,500 kinapandishwa hadi 28,000. Mwenye duka hubofya jina la kitenge, hushuka hadi sehemu ya Product data, hufuta bei iliyomo katika Regular price na kuandika `28000`. Tarakimu huandikwa peke yake, bila mkato wa maelfu wala neno shilingi. Dukani mfumo huviweka wenyewe. Sale price ni ya bei ya punguzo, ambayo lazima iwe chini ya bei ya kawaida. Kama hakuna punguzo, huachwa wazi. Wanunuzi hawataona badiliko lolote mpaka Update ibofywe.

Gauni lenye saizi kadhaa hushughulikiwa kwingine. Kila saizi ina bei yake ndani ya Variations, na mabadiliko ya hapo huhifadhiwa kwa Save changes. Saizi iliyosahauliwa bila bei haiwezi kununuliwa, hata kama ipo tele ghalani.

Bei za bidhaa nyingi zinapopanda pamoja, hutiwa alama kwenye orodha, kisha huchaguliwa Edit chini ya Bulk actions na kubofywa Apply. Hapo bei inaweza kuongezwa kwa kiasi au kwa asilimia. Njia hii haigusi bei za bidhaa zenye saizi, wala haina kitufe cha kutengua. Kitenge cha 25,500 kikiongezwa asilimia 10 huwa 28,050. Kikipunguzwa asilimia 10 hakirudi kilikotoka, bali hushuka hadi 25,245. Kwa hiyo kabla ya kuanza, bei za zamani huhifadhiwa katika faili kwa kubofya Export juu ya orodha.

Kazi ikikamilika, duka hufunguliwa katika dirisha la faragha la kivinjari, kama anavyoliona mteja. Bei ya zamani ikiendelea kuonekana ilhali kwenye paneli ni mpya, kwa kawaida ukurasa unaoonyeshwa ni nakala iliyohifadhiwa, na nakala hiyo hufutwa kwenye programu-jalizi ya kuharakisha tovuti au kwa mtoa huduma wa tovuti. Oda zilizokwisha kuwekwa hubaki na bei ya zamani. Aliyetia kitenge kapuni bila kukamilisha oda atakuta bei mpya anapokwenda kulipa.