Barafu ya Usiku, Ubaridi wa Mchana: Tangi Liwe Kubwa Kiasi Gani?

Katika jengo la ofisi mjini Mombasa, mwezi Machi, umeme mwingi huliwa na viyoyozi, na huliwa kwa mkupuo kati ya saa saba na saa kumi alasiri, kuta zikiwa zimeshapata moto, watu wote wamo ndani na kompyuta zinawaka. Mwisho wa mwezi mwenye jengo huzilipia saa hizo mara mbili. Kwanza hulipia yuniti alizotumia. Kisha hulipia kilele, yaani kiwango cha juu kabisa alichovuta kwa wakati mmoja katika mwezi mzima, kinachopimwa kwa kVA.

Usiku mambo hugeuka. Mvuke wa Olkaria haupungui kwa sababu watu wamelala. Visima huendelea kuutoa, na mahitaji ya nchi yakishuka, sehemu ya nguvu hiyo hukosa mtumiaji. Tangu Desemba 2017 wateja wa biashara na viwanda nchini Kenya wamewekewa bei ya saa za matumizi madogo. Siku za kazi saa hizo huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mwishoni mwa wiki huwa ndefu zaidi. Gharama ya nishati katika saa hizo hushuka hadi nusu, lakini kwa zile yuniti tu zinazozidi kiwango ambacho mteja amewekewa. Uganda nayo hutoza viwanda vyake bei tofauti kwa saa tofauti.

Basi kazi ni kuipoza ofisi ya saa nane mchana kwa umeme wa saa nane usiku, na njia iliyokwisha kuthibitika ni kugandisha maji. Tani moja ya maji baridi ikiruhusiwa kupanda joto kwa nyuzi 5 inabeba ubaridi wa karibu kilowati-saa 6. Tani hiyo hiyo ikiwa barafu, kule kuyeyuka kwake peke yake kunafyonza karibu kilowati-saa 93 za joto. Viwanda vya maziwa vimeutumia ujanja huu kwa miaka mingi kupoza maziwa ya asubuhi yanayofika yote kwa pamoja.

Kwenye jengo, mtambo wa kupoza, ule mafundi wanaouita chila, husukuma maji yaliyochanganywa na glaikoli ili yasigande. Usiku mchanganyiko huo hushushwa hadi karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, ukapita ndani ya mabomba membamba yaliyozungushwa kwenye tangi la maji, na barafu ikajijenga juu ya mabomba. Mchana mchanganyiko ule ule hurudi kutoka jengoni ukiwa na joto la watu na jua, hupita tena tangini, barafu inayeyuka, nao unatoka baridi. Vali moja huamua kiasi gani kipite tangini na kiasi gani kiishie kwenye chila.

Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu, na pesa, umo katika ukubwa.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuanza na kilele. Mtu husema jengo langu linahitaji kilowati 500 za ubaridi, nipimie tangi. Kilele hakitoshi kupimia tangi, kwa sababu tangi linabeba jumla ya siku nzima, kama vile anayejaza simtangi usiku wa mgao wa maji asivyouliza bomba lake ni pana kiasi gani, bali nyumba itatumia ndoo ngapi hadi maji yarudi. Kinachotakiwa ni mzigo wa joto saa kwa saa, katika siku ya joto kali kuliko zote za mwaka.

Tuchukue jengo la mfano linalofanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Saa ya kwanza mzigo wake ni kilowati 300. Unapanda hatua kwa hatua hadi 500 ifikapo saa nane mchana, kisha unashuka hadi 340 saa ya mwisho. Ukijumlisha saa zote kumi unapata kilowati-saa 4,200. Hiyo ndiyo namba ya kushika.

Wengi huvutiwa kwanza na wazo la kuzima chila mchana kutwa na kuendesha jengo kwa barafu tupu. Hebu tulipime. Saa za bei nafuu ni 8. Chila inapogandisha haifikii uwezo wake wa mchana, kwani kadiri inavyolazimika kufanya kazi kwenye baridi kali zaidi ndivyo inavyobeba joto kidogo. Kwa kawaida hubaki na kama asilimia 65. Kwa hiyo 4,200 tugawe kwa 8, kisha kwa 0.65, na tunapata chila ya kilowati 808. Jengo ambalo bila barafu lingetosheka na chila ya 500 sasa linanunua ya 800, pamoja na barafu ya tani 45. Kwa ofisi ya kawaida huo ni mtaji uliopotea.

Njia ya busara ni kugawana kazi. Chila ifanye kazi usiku ikigandisha, na mchana ifanye kazi tena kwa nguvu zake zote bila kupumzika, barafu ikibeba ziada tu. Hesabu yake ni hii:

```
chila = 4200 / (10 + 8 × 0.65) = 276 kW
```

Kumi ni saa za mchana, nane ni saa za usiku zilizopunguzwa kwa ule udhaifu wa kugandisha. Chila imeshuka kutoka 500 hadi 276, na ndiyo sababu mradi wa namna hii unaweza kujilipia sehemu ya gharama ya tangi kabla hata ya bili ya kwanza.

Lakini 276 ni hesabu ya nchi ambayo umeme haukatiki. Kwetu, usiku mmoja ukikatika saa mbili, robo ya barafu imekwenda, na mchana wake chila ndogo inabaki peke yake mbele ya mzigo mkubwa. Mimi ningenunua ya kilowati 300. Ukiitoa 300 kwenye mzigo wa kila saa, ziada ya siku nzima ni kilowati-saa 1,200, na hiyo ndiyo kazi ya barafu. Chila hiyo ikigandisha kwa saa 7 inazalisha 1,365. Ikigandisha kwa saa 6 tu inazalisha 1,170, pungufu ya 30, kiasi ambacho watu ofisini hawatakihisi. Tangi la kilowati-saa 1,400, yaani tani 15 za barafu, linatosha na kubakiza akiba. Pamoja na mabomba na nafasi ya kutanuka, litachukua mita za ujazo kati ya 25 na 30. Sakafu itakayobeba uzito huo ikaguliwe na mhandisi wa majengo mapema, hasa kama tangi linawekwa juu ya paa.

Jambo la pili la kukagua ni kasi. Saa nane mchana barafu inatakiwa kutoa kilowati 200 kwa mfululizo. Tangi likiwa limejaa, hilo si tatizo. Barafu inapobaki kidogo, sehemu inayogusana na mabomba hupungua na mchanganyiko huanza kutoka ukiwa vuguvugu. Kwa hiyo muuzaji atoe jedwali linaloonyesha nyuzi joto za kutokea tangini katika saa ya mwisho ya kazi, siyo jumla ya kilowati-saa pekee.

Sasa bili. Tuseme chila hii, mchana, kwa kila yuniti moja ya umeme inaondoa yuniti 3 za joto, na usiku ikigandisha inaondoa 2.4. Mombasa usiku hewa haipoi sana, kwa hiyo chila haipati nafuu kubwa ya kufidia kazi ngumu ya kugandisha. Kilowati-saa 1,200 za ubaridi zingekula yuniti 400 mchana. Usiku zinakula 500. Barafu haiokoi umeme, inautumia zaidi. Kinachookolewa ni pesa, na kwa sharti moja: bei ya usiku iwe chini ya asilimia 80 ya bei ya mchana.

Hapo ndipo neno "nusu bei" linapohitaji kusomwa kwa makini. Punguzo linagusa gharama ya nishati, lakini tozo ya mafuta na nyinginezo hulipwa kwa kila yuniti, mchana na usiku. Tukichukua namba za mfano, shilingi 12 za nishati na 6 za tozo, mchana yuniti ni 18 na usiku ni 12. Yuniti 400 za mchana zingegharimu 7,200, na 500 za usiku zinagharimu 6,000. Faida ni shilingi 1,200 kwa siku, kama 26,400 kwa mwezi wa siku 22 za kazi, tena ikiwa yuniti zote hizo zimevuka kile kiwango cha punguzo.

Tutazame kilele. Chila imepunguziwa kilowati 200 za ubaridi, ambazo ni kama kilowati 67 za umeme, au karibu kVA 74. Kwa tozo ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kVA, hizo ni 74,000 kwa mwezi. Katika jengo hili, basi, barafu inalipwa hasa na kilele kilichokatwa, na tofauti ya bei ya usiku inafuata nyuma. Mwenye jengo akilijua hilo, atajua pia hatari iko wapi. Siku moja tu barafu ikiisha saa tisa na fundi akawasha chila ya akiba, mita itaandika kilele kipya na faida kubwa ya mwezi mzima imepotea.

Dalili za matatizo zinaonekana mapema kwa anayeangalia. Barafu hutanuka kwa kama asilimia 9 kuliko maji, kwa hiyo kina cha maji tangini hupanda usiku na kushuka mchana, na kipimo cha kina ndicho humwambia fundi amebakiwa na barafu kiasi gani. Ikiwa kila jioni bado kuna barafu nyingi, vali inaelekeza kazi kubwa mno kwenye chila. Ikiwa alfajiri kina hakijafika alama, ama umeme ulikatika ama chila imedhoofika. Kiasi cha glaikoli nacho kipimwe mara kwa mara. Ikipungua, mchanganyiko unaweza kuganda ndani ya chila yenyewe na kuipasua.

Julai, Mombasa inapopoa, mzigo wa jengo letu ukishuka hadi 2,500 barafu ile ile inaweza kubeba zaidi ya nusu ya siku, na chila ikazuiwa isivuke kilowati 120. Kilele kinashuka tena, lakini tu kama kuna mtu aliyeambiwa abadilishe mpangilio. Mitambo mingi huachwa na mpangilio wa Machi mwaka mzima.

Kwa hiyo unayefikiria tangi, kabla ya kuomba bei, weka vipimo vya saa kwa saa kwenye chila uliyonayo kwa wiki moja ya Machi, na tandaza mezani bili zako za miezi 12. Muuzaji asiyeziomba karatasi hizo mbili hawezi kukupimia tangi.