‘Ndoa imekukubali!’ Kwa nini Pwani wanakupigia makofi ukinenepa

UKIWA umefunga ndoa miezi michache iliyopita na unaishi Likoni, Kisauni au Changamwe, basi haya unayajua. Unashuka feri upande wa Likoni, unakutana na jirani wa zamani wa nyumbani kwenu. Kabla hata hamjamaliza kusalimiana, anakutazama kuanzia miguuni hadi usoni, anacheka: “Mashallah! Ndoa imekukubali!” Wewe unatabasamu, unajivuta dera. Hajakuuliza kama una furaha. Ameutazama mwili akaona jibu tayari anajua.

Jibu lenyewe halikuhusu wewe sana. Linamhusu mumeo.

Katika ndoa za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi katika mitaa ya Waswahili na Wadigo wa pande hizi, chakula, mavazi na makao ya mke ni jukumu la mume. Hili si suala la mapenzi tu, ni haki ambayo mke anaweza kwenda kuidai mbele ya kadhi akinyimwa. Sasa, majirani hawawezi kuingia jikoni mwako kuhesabu pakacha na vibaba. Wanachoweza kukiona ni wewe. Ukinawiri, mume anatunza. Ukikonda, maneno yanaanza: mbona mtoto wa watu amekuwa kama ng'onda? Wanampa nini huko? Na mamako akiyasikia, usishangae akifunga safari kuja “kukujulia hali”, macho yote yakiwa kwenye sufuria.

Ndiyo maana sifa hii huanza mapema. Wanaofuata desturi ya fungate humweka bibi harusi ndani siku saba baada ya harusi, akihudumiwa na somo wake, asiguse kazi. Analishwa, anasingwa, anapumzika. Anatarajiwa kutoka ametononoka, na akitoka vile alivyoingia, wanawake watatazamana.

Kuna sababu nyingine ambayo vijana wengi hamkuiona kwa macho. Katika miaka ya 1980, Uganda, ugonjwa wa Ukimwi ulipoanza kuua watu wilayani Rakai, wenyeji waliuita “Slim”, yaani wembamba, kwa sababu mgonjwa alikwisha mwili. Hapa kwetu Rais Moi aliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Kwa waliokuwa watu wazima wakati huo, mtu kukonda baada ya kuoa au kuolewa haikuwa habari ya dayeti. Khaleti yako anaposema “afadhali umenenepa”, ana hofu ya enzi hizo moyoni, hata kama hataitaja.

Mitaa ya Changamwe, iliyojaa watu waliotoka bara kufuata kazi za bandari na viwanda, mzaha huu unamkuta zaidi mwanamume. Kitambi kikianza kuchungulia juu ya mshipi, wenzake kazini watamwambia, “Shemeji anapika, bwana!” Hapo sifa imegeuka: sasa anayepimwa ni mke na mapishi yake.

Lakini mwili wenyewe unanenepaje? Wengi husema ni “raha ya ndoa”. Tuchukue mfano wa msichana wa Kisauni aliyekuwa akiuza duka la nguo mjini. Kabla ya harusi aliondoka asubuhi na chai ya kikombe kimoja na hamri moja, akatembea hadi stejini, akashinda amesimama. Baada ya harusi ameacha kazi. Asubuhi anakunywa na mumewe, na meza ya wawili haiwekwi hamri moja moja. Anakula matatu na mbaazi, maana kula kidogo mbele ya mume ni kama kumwambia hujaridhika. Jioni kuna chai tena.

Fanya hesabu ya kilichoongezeka tu. Hamri moja la wastani, lenye unga, sukari, tui na mafuta ya kukaangia, halikosi kilokalori 150. Mawili ya ziada ni 300. Ongeza vijiko vinne vya sukari kwenye chai, kilokalori 64. Jumla ni kama 360 kwa siku, na hata wali wa nazi wa usiku hatujaugusa. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kilokalori kama 7,700. Kwa hiyo wiki tatu hivi zinatosha kuongeza kilo moja, na miezi mitatu inapita kilo nne kidogo. Haitapanda hivyo milele, kwa sababu mwili mkubwa nao hutumia nishati zaidi, kwa hiyo kasi hupungua. Ila zile kilo nne za mwanzo ndizo jirani wa feri alizoziona akasema ndoa imekukubali, na zilitokana na mahamri mawili na sukari ya chai.

Chakula si sababu pekee. Baadhi ya wanawake wanaotumia sindano ya kupanga uzazi, ile ya kila miezi mitatu, huongeza uzito. Ukiona hivyo, rudi kliniki uulize njia nyingine, usiiache kimyakimya ukapata mimba usiyoipanga. Na hapo ndipo mzaha unapouma: tumbo likitokeza kidogo, mawifi wanaanza “tuna habari nini?” Kwa mwanamke anayetafuta mtoto mwaka wa pili sasa, swali hilo si la kuchekesha hata kidogo.

Tatizo jingine ni dera. Mwanamume suruali humwambia mapema. Kifungo kikikataa, habari imefika. Dera na buibui havikatai mtu. Unaweza kuongeza kilo kumi bila nguo yoyote kukulalamikia. Basi azima utepe wa fundi cherehani. Simama, toa pumzi kawaida, uzungushe kiunoni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari ya kisukari na shinikizo la damu huanza kupanda. Kwa mwanamume ni 94. Mafuta ya tumbo ndiyo mabaya, kuliko ya makalio na mapaja ambayo ndiyo husifiwa zaidi. Na kumbuka, mtu anayekonda bila kujaribu huku ana kiu na kukojoa sana usiku, huyo naye apimwe sukari haraka, badala ya mumewe kusengenywa.

Binafsi naona sifa hii ina muda wa kuisha, na hilo ndilo halisemwi. Mwaka wa kwanza ni “umenawiri”. Baada ya watoto wawili, midomo ileile inasema “amejiachilia”, na mume akioa mke wa pili mwembamba, wanapata maelezo. Ukiamua kupunguza, nako kuna shida: ukifunga viatu alfajiri kwenda kutembea ufuoni, kufikia saa nne mtaa umeshajua una ugomvi nyumbani. Wengine huenda wawili, mume na mke, ili kuzima maneno hayo.

Tena siku hizi ishara yenyewe imechanganyikiwa. Likoni nzima kuna wake wanaoamka saa kumi usiku kukaanga mahamri na viazi karai vya kuuza, na ndio wanaolipa kodi ya nyumba. Wakinenepa, bado mtaa unamwambia mume, “Hongera, unamtunza.” Naye anapokea hongera, mdomo umejaa hamri la mkewe.