Betri ya sola ikifa, usitupe mtambo mzima

Wakazi wengi wa Waa ambao nyumba zao hazijafikiwa na nguvu za umeme wa gridi hutumia mitambo midogo ya sola: paneli moja juu ya paa, betri, taa chache na waya wa kuchajia simu. Baada ya miaka kadhaa taa huanza kufifia mapema usiku, na mwenye nyumba huamua kwamba sola imeisha. Mara nyingi kilichoisha ni betri tu.

Paneli nzuri hudumu zaidi ya miaka 20, ikipoteza nguvu kidogo kidogo. Betri ya risasi, ile nzito ya volti 12 yenye tindikali ndani, huweza kufa kwa miaka miwili au mitatu, hasa ikiachwa kila usiku iishe kabisa. Betri ya lithiamu, iliyo nyepesi na hupatikana ndani ya kisanduku cha mitambo ya siku hizi, hudumu muda mrefu zaidi.

Chukua mfano wa nyumba yenye paneli ya wati 20 na betri ya risasi ya volti 12. Fundi huanza kwa kusafisha vichwa vya waya, kwa sababu upepo wa chumvi wa pwani huvitia kutu na mtambo ukaonekana umekufa ilhali ni mzima. Kisha, saa sita mchana kwenye jua kali, huchomoa paneli na kuipima kwa mita. Ikisoma volti 20 hivi na mkondo wa karibu ampea 1, paneli ni nzima. Betri nayo huchajiwa siku nzima, halafu huwashiwa taa. Ikianza na volti 12.8 na kushuka hadi 10.5 kabla ya nusu saa, betri hiyo haishiki chaji tena. Hapo mwenye nyumba hununua betri pekee na kuendelea na paneli yake. Betri mpya sharti iwe ya aina ile ile, kwani chaja ya betri ya risasi haifai kwa lithiamu.

Hatari inaanzia kwenye betri kuukuu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya risasi ni madini ya risasi, ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu huitafuta. Baadhi yao humtaka muuzaji amwage tindikali kwanza ili mzigo uwe mwepesi. Tindikali hiyo huchoma ngozi na macho, na hubeba risasi hadi kwenye udongo na visima. Watoto wanaocheza mahali hapo huila kupitia mikono yao, na madhara yake kwa ubongo hayaponi.

Ng'ambo ya Likoni, wakazi wa Owino Uhuru huko Mombasa wanayajua hayo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa kando ya nyumba zao hadi 2014 kiliwaachia sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kwa hivyo betri ya risasi iuzwe nzima, tindikali ikiwa ndani, ikisafirishwa wima. Uliza duka la betri kama litapunguza bei ya mpya ukirudisha kuukuu. Mnunuzi mwingine yeyote aonyeshe leseni ya NEMA.

Betri ya lithiamu haina risasi, lakini ikitobolewa, ikipondwa au ikitupwa motoni huweza kulipuka. Ikivimba, acha kuichaji, funika vichwa vyake kwa utepe wa umeme, na uiweke nje ya nyumba kwenye ndoo ya mchanga mkavu hadi ichukuliwe. Usiichanganye na betri za risasi.

Paneli iliyopasuka kioo haitengenezwi. Fremu yake ya alumini na waya wa shaba vina soko, ila waya usichomwe ili kupata shaba, kwa kuwa moshi wa plastiki yake ni sumu.

Kama mtambo ulinunuliwa kwa malipo ya pole pole, urudishe kwa wakala wa kampuni kabla ya kuufungua. Ukiwa bado ndani ya muda wa dhamana, kuufungua huifuta. Hata dhamana ikiisha, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawapa watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wajibu wa kushughulikia taka zake. Mtambo usio na wakala unaweza kupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni, kama WEEE Centre ya Nairobi. Kwa kuwa safari ni ndefu, majirani wanaweza kukusanya mizigo yao na kuituma pamoja, betri za lithiamu zikiwa zimefunikwa vichwa na kutengwa.