Tangi bovu, tangi zuri, na mfupa wa samaki

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kupitishwa kwenye mwalo hautupwi. Marudio hayo huuzwa kwa mwenye mtambo wa uchenjuaji. Huyajaza kwenye matangi makubwa, akayapitishia maji yenye sianidi ili iyeyushe dhahabu iliyobaki, kisha dhahabu ikanaswa na kaboni.

Tuseme mtambo una matangi manane. Kila mzunguko, matatu au manne kati yake huacha dhahabu nyingi mchangani, na wahusika wamekaa kuchora mfupa wa samaki, ule mchoro uliotufikia kutoka kwa Mjapani Kaoru Ishikawa. Kichwani wameandika tatizo. Kwenye mifupa mikubwa watu, mashine, malighafi, njia ya kazi, vipimo na mazingira. (Huu ni mfano wa kutunga, lakini hali yenyewe si ngeni kwa wachenjuaji.)

Mimi huanza kuusoma kichwani. Wakiandika "dhahabu inapotea", mchoro hautawafikisha popote, maana karibu kila kitu chaweza kupoteza dhahabu. Kichwa kinachofaa kingesema: matangi mabaya yanabakiza gramu 1.2 kwa tani baada ya kuchenjuliwa, mazuri gramu 0.4. Sasa swali limebadilika. Hatuulizi tena kwa nini dhahabu inabaki, bali matangi haya yametofautiana wapi na yale.

Kwa swali hilo mfupa wa watu, ambao kwenye vikao vingi ndio hunenepa kuliko yote, hukonda upesi. Wameandika "uzembe wa zamu ya usiku". Lakini daftari linaonyesha zamu hiyohiyo ndiyo iliyohudumia matangi yote manane. Uzembe unaochagua matangi unahitaji maelezo zaidi.

Kwenye njia ya kazi wameandika "sianidi haitoshi". Hili ni kweli: ukipima maji yanayotoka kwenye matangi mabaya, sianidi imebaki kidogo mno. Hapa ndipo wengi husimama, wakaagiza sianidi zaidi. Ila ukiongeza, kesho yake imepungua tena. Jambo likiwa kweli halijawa chanzo bado. Yawezekana lenyewe limesababishwa na jingine. Sianidi inakwenda wapi?

Inategemea pH ya maji. Kwenye 10.5, sehemu kubwa hubaki majini kufanya kazi. Ikishuka hadi karibu 9.2, nusu yake imegeuka kuwa asidi ya sianidi, ambayo huruka hewani kama gesi. Gesi hiyo inaua, kwa hiyo kumwaga sianidi zaidi kwenye tangi lenye pH ya chini ni hasara na ni hatari. Wakapima: matangi mabaya yako kwenye 9.3, mazuri 10.6.

Kinachopandisha pH ni chokaa, na mchoro una mifupa miwili inayoigusa. Mmoja unasema chokaa imeharibika, kwa kuwa magunia yaliachwa wazi masika na chokaa iliyokaa hewani hupoteza nguvu. Mwingine unasema mchanga wa baadhi ya maduara una asidi. Yote mawili yanaaminika. Lakini chokaa ya gunia lilelile iliingia kwenye matangi mazuri siku ileile, hivyo ubovu wake hauwezi kueleza tofauti peke yake. Jaribio la ndoo lilimaliza ubishi: mchanga wa duara moja ulifika 10.5 kwa kilo 2 za chokaa kwa tani, wa duara jingine, ule uliojaza matangi mabaya, ukadai kilo 6. Mtambo ulikuwa ukiweka kilo 3 kwa kila tani, uwe mchanga wa wapi.

Je, chanzo ni asidi ya mchanga? Ningekataa. Mtambo hauumbi mchanga, unaununua. Chanzo kilicho mikononi mwao ni kanuni ya kipimo kimoja cha chokaa kwa mchanga wote, na hiyo ndiyo ya kubadili: kila mzigo upimwe kwa ndoo kabla ya kujazwa. Uthibitisho wake uwe wa pande mbili. Mchanga wenye asidi ukipewa chokaa yake, tatizo liondoke. Na sehemu ndogo ya mchanga huohuo, ndani ya ndoo na mahali penye hewa, ikipewa kilo 3 za zamani, tatizo lirudi.

Ikiwa tangi lina pH 10.5 na sianidi ya kutosha, na bado linabakiza gramu 1, kuna chanzo cha pili ambacho chokaa ilikuwa imekificha. Chekecheni mchanga uliochenjuliwa, kisha mpeleke maabara chembe kubwa na ndogo kila kundi peke yake. Dhahabu ikionekana zaidi kwenye chembe kubwa, yaelekea imefungiwa ndani ya mawe ambayo sianidi haikuyafikia, na mfupa wa kufuata ni ule wa mashine, kuanzia kwenye karasha.